Namba ile ile, watu watatu: kisa cha HB 10.7 kwenye zahanati ya mlimani

Nimeondoa jina la kijiji, la kituo, na vitu vyote vya kumtambulisha mtu, na vitu vidogo kama umri nimevisogeza kidogo. Namba za damu, yaani HB, wingi wa hemoglobini inayobeba oksijeni, kwa gramu kwenye kila desilita ya damu, zimebaki kama zilivyoandikwa kwenye daftari, maana kisa chenyewe kiko kwenye hizo namba.

Mazingira

Zahanati iko Nyanda za Juu Kusini, kama mita 1,600 toka usawa wa bahari, asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne. Wafanyakazi ni wawili na nusu, yaani mimi kliniko ofisa, nesi mmoja, na mhudumu wa afya anayekuja siku za kliniki ya wajawazito na watoto. Damu tunapima kwa kile kimashine kidogo cha kidole, unachoma, unafuta tone la kwanza, la pili linaingia kwenye kijikadi, baada ya muda mfupi namba inatokea kwenye kioo. Mashine ya kuchambua damu nzima hatuna, ipo hospitali ya wilaya.

Ukutani juu ya meza ya kupimia kulikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa maka peni, hata sijui nani aliibandika maana niliikuta: "HB 11 na zaidi – sawa. 10 hadi 10.9 – upungufu mdogo. 7 hadi 9.9 – wa kati. Chini ya 7 – mkali, rufaa." Basi, haikusema ni ya nani. Na kwa kuwa asilimia kubwa ya vidole tunavyochoma ni vya wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku ya kwanza

Alikuja mama wa miaka 27, mimba ya wiki 23, amembeba mtoto wake wa mwezi wa 17, na nyuma yake anakuja baba yake mzazi, mzee wa miaka 58, mkulima, ambaye kwa kweli hakuja kutibiwa, alimsindikiza binti yake kwa sababu njia ina utelezi. Wakati nesi anampima mama, mzee akasema tu kama mtu anayepiga stori, "Mwanangu, na mimi siku hizi nachoka sana, nikipanda na gunia la viazi nasimama mara tatu." Nesi akamwambia shikamoo mzee, kaa hapa tukuchome na wewe.

Daftari siku hiyo linasomeka hivi: mama 10.6, mtoto 10.8, mzee 10.7. Mbele ya kila jina nesi aliandika namba, halafu pembeni neno moja, "mdogo", mara tatu.

Mimi nikapita nikaona zote zinafanana, nikasema sawa, familia moja, chakula kimoja, minyoo labda. Malaria tulipima wote kwa kipimo cha haraka, haikuwepo. Mama akapewa vidonge vya fefo, yaani chuma na foliki asidi, kimoja kwa siku kama wanavyopewa wajawazito wote, mtoto akapewa dawa ya minyoo na mama akaambiwa amwongezee maharage na mboga za majani, mzee akapewa dawa ya minyoo na fefo ya mwezi mmoja. Tukawaambia ni upungufu mdogo tu. Hilo neno "tu" nalikumbuka kwa sababu nililisema mimi.

Tulichoamua na kwa nini

Ukisoma hapo juu unaweza kusema hatukukosea sana, wote walipata kitu. Sababu yetu ilikuwa rahisi, kwamba ukutani inasema mdogo, na mdogo hauitaji kutafuta chanzo, unatoa chuma unampa mtu tarehe. Kwa mzee sikuuliza maswali mawili ambayo mwanaume yeyote mwenye upungufu wa damu lazima aulizwe: choo chako kikoje rangi, na unameza dawa gani za maumivu. Kama ningeona neno "wa kati" pale kwenye daftari naamini ningemuita ndani akae kwenye kiti. Neno "mdogo" lilinifanya nimhudumie akiwa amesimama mlangoni.

Wiki ya tano

Mzee alirudi akiwa anaongozwa na kijana wa bodaboda. Amepauka, viganja vyeupe, moyo unaenda mbio hata akiwa amekaa, na kutoka kwenye pikipiki mpaka benchi alipumzika mara moja. Kimashine kikasoma 7.6.

Nesi akaangalia ukutani: 7 hadi 9.9, wa kati. Akaniita, akasema dokta karatasi inasema wa kati lakini mimi simpendi hali yake. Nashukuru sana alisema hivyo, maana macho yake yalikuwa sahihi kuliko ile karatasi.

Hapo ndo nikauliza. Choo? Cheusi. Tangu lini? "Tangu mnipe vile vidonge, na yule nesi aliniambia choo kitakuwa cheusi nisiogope." Na ni kweli, fefo inafanya choo kuwa cheusi, sisi wenyewe tunawaambia watu hivyo ili wasiache dawa. Nikamuuliza cheusi cha namna gani, akafikiri, akasema kinanata, ukimwaga maji hakitoki vizuri, na kina harufu mbaya ambayo mke wake aliilalamikia. Cheusi cha fefo huwa kama cha kijani kibichi sana kilichokolea, kinakaa kama choo cha kawaida. Hiki cha mzee kilikuwa kama lami, na hiyo ni damu iliyomeng'enywa tumboni. Dawa tuliyompa ilificha ishara ambayo pengine ingemrudisha kwetu wiki ya pili.

Na maumivu? Magoti. Anachomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa kila wiki au ananunua vidonge, mwaka wa pili sasa, anameza asubuhi kabla ya kwenda shamba, mara nyingi hajala kitu.

Tukampeleka hospitali ya wilaya mchana ule ule.

Kurudia hesabu

Usiku huo sikulala vizuri, nikachukua daftari na jedwali la Shirika la Afya Duniani, lile la zamani la 2011 na lile jipya la 2024, nikaanza kuwapanga upya wale watu watatu wa siku ya kwanza. Nitaenda polepole hapa maana ndo kiini cha kisa chote.

Nianze na mzee. Mwanaume kuanzia miaka 15, mstari wa kusema ana upungufu wa damu ni chini ya 13. Mdogo ni 11 hadi 12.9. Wa kati ni 8 hadi 10.9. Mkali ni chini ya 8. Kwa hiyo 10.7 ya siku ya kwanza ilikuwa wa kati, wala sio mdogo, kwenye jedwali la zamani na kwenye jipya, hakuna ubishi. Na 7.6 ya wiki ya tano ilikuwa mkali. Karatasi yetu ya ukutani ilimshusha daraja moja mara mbili, na mara zote mbili ilikosea upande wa hatari.

Mama: jedwali la zamani lilikuwa na mstari mmoja kwa mimba yote, chini ya 11. Kwa hiyo 10.6 ingekuwa mdogo, kama tulivyoandika. Jedwali la 2024 limegawa mimba mara tatu, miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho mstari ni 11, ila miezi mitatu ya katikati umeshuka mpaka 10.5. Wiki 23 iko katikati. Ukisoma hivyo tu, mama na 10.6 yake hana upungufu kabisa.

Mtoto vivyo hivyo. Zamani mwezi wa 6 mpaka 59 mstari ulikuwa 11, sasa hivi wa mwezi wa 6 hadi 23 mstari ni 10.5, na wa miaka miwili hadi minne umebaki 11. Mtoto wa mwezi wa 17 mwenye 10.8 hana upungufu.

Kwa hiyo nikafika mahali naona kama vile mzee tumemkosea na wale wawili tumewapa dawa bure. Halafu nikakumbuka mita 1,600.

Huku juu hewa ni nyepesi, oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni kidogo, na mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Mtu mwenye afya wa huku anatakiwa asome juu kuliko mwenye afya wa Tanga au Mtwara. Kwa hiyo namba yake lazima uipunguze kwanza ndo uilinganishe na mstari, na jedwali la 2024 linasema kwa anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999 unatoa 1.1. La zamani kwa mita 1,500 lilikuwa linatoa 0.5 tu, hapa ndo mabadiliko makubwa yalipo na wengi hatujayashtukia.

Toa 1.1. Mama 10.6 inakuwa 9.5. Kwa mjamzito 7 hadi 9.9 ni wa kati. Yule niliyetaka kusema hana kitu, ana upungufu wa kati. Mtoto 10.8 inakuwa 9.7, na kwa umri wake 9.5 hadi 10.4 ni mdogo. Mzee 10.7 inakuwa 9.6, wa kati bado, na ile 7.6 inakuwa 6.5.

Yaani tuliandika "mdogo, mdogo, mdogo" na jibu lilikuwa wa kati, mdogo, wa kati. Mjamzito mwingine wa wiki 23 aliyeko Dar na 10.6 kama hiyo hiyo angeruhusiwa kwenda na kidonge chake kimoja cha kawaida na angekuwa sawa kabisa.

Kilichotokea baadaye

Mzee wilayani walimpima kwa damu ya mshipa, mashine ikasoma 7.3, na chembe zake nyekundu zilikuwa ndogo sana, 66 wakati kawaida inaanzia 80, ambayo kwa mtu kama yeye inamaanisha chuma kimekwisha kwa muda mrefu, sio damu iliyomwagika jana. Aliongezewa chupa mbili za damu. Waliongeza kwa sababu moyo ulikuwa unaenda mbio, pumzi fupi, na bado alikuwa anatoka choo cha lami, sio kwa sababu ya daraja peke yake. Ikapanda mpaka 9.1. Akapelekwa hospitali ya rufaa, wakamwingiza kamera tumboni, wakakuta kidonda, na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo kikatoka chanya. Diklofenaki ikasimamishwa, akapewa omeprazo na antibayotiki za siku 14, na chuma cha kuendelea nacho nyumbani.

Mama tulimfuata kesho yake nyumbani kupitia mhudumu wa afya. Fefo ikawa mara mbili, yaani kufikia miligramu 120 za chuma chenyewe kwa siku badala ya 60, mpaka namba ipande ndo arudi kwenye kipimo cha kawaida. Tulipomuuliza vizuri ikajulikana hata kile kimoja alikuwa anameza na chai ya rangi asubuhi, chai inashika chuma kisiingie. Akahamishia usiku, na maji. Wiki ya 34 alisoma 12.2, ukitoa 1.1 ni 11.1, amevuka mstari wa miezi ya mwisho. Alijifungua salama wilayani.

Mtoto alipewa dawa ya maji ya chuma kwa uzito wake, miligramu 3 kwa kilo kwa siku. Baada ya wiki nne alisoma 12.0 kutoka 10.8. Kupanda zaidi ya 1 ndani ya mwezi kwa dawa ya chuma ni jibu lenyewe kwamba alikuwa amepungukiwa chuma, kwa sisi tusio na maabara kubwa hicho ndo kipimo tunachoweza kufanya. Tulimaliza naye miezi mitatu.

Uchambuzi: huo mstari unatoka wapi

Watu wengi, hata sisi wa kazini, tunadhani 11 au 12 au 13 ni namba ambayo chini yake mwili unaanza kuharibika. Sivyo. Chukua watu mia wa kundi moja wenye afya kweli kweli, wamepimwa wakaonekana hawana upungufu wa chuma, hawana maambukizi mwilini, hawana ugonjwa wa figo, wapange foleni kuanzia mwenye HB ya chini kwenda juu. Mstari unachorwa pale watano wa chini wanapoishia. Kwa hiyo kila kundi lina foleni yake, na foleni ya wanaume inaanzia juu kuliko ya wanawake, ndo maana mstari unahama.

Sasa kwa nini foleni zinahama. Mwanaume ana homoni za kiume zinazosukuma uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, na ndo maana kuanzia miaka 5 mpaka 11 wavulana na wasichana wana mstari mmoja, 11.5, na 12 hadi 14 bado ni mmoja, 12, ikifika 15 ndo wanaachana, msichana anabaki kwenye 12 na mvulana anapanda 13. Wengi wanadhani ni sababu ya hedhi peke yake. Hedhi inachangia wanawake wengi kukosa chuma, ni kweli, lakini hata mwanamke mwenye chuma cha kutosha kabisa anasoma chini ya mwanaume.

Mjamzito yeye damu yake inaongezeka, haipungui. Maji ya damu yanaongezeka karibu nusu ya yalivyokuwa, chembe nyekundu nazo zinaongezeka ila kidogo zaidi, kama robo hivi. Ni kama sufuria ya chai umeongeza maji mengi na majani kidogo, majani yameongezeka kweli lakini chai imekuwa nyepesi. Na maji yanakimbia mbele zaidi miezi ya katikati, mwishoni chembe zinaanza kufikia, ndo sababu mstari unashuka 10.5 katikati halafu unarudi 11. Huo wepesi ni wa kawaida na unasaidia damu ipite vizuri kwenye kondo. Tatizo ni kutofautisha wepesi wa kawaida na mjamzito ambaye kweli majani yamekwisha kwenye kopo.

Mtoto anazaliwa na HB ya juu sana kwa sababu tumboni oksijeni ni kidogo, akishaanza kupumua inashuka, inafika chini kabisa kwenye mwezi wa pili wa tatu hivi, halafu inapanda taratibu miaka yote ya utotoni. Akiba ya chuma aliyotoka nayo kwa mama inamfikisha mwezi wa sita hivi, baada ya hapo ni chakula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye afya yuko chini ya wa miaka minne kiasili. Ndo wakashusha mstari wa wadogo.

Uchambuzi: madaraja ni kitu kingine

Hapa ndipo karatasi yetu ilipotuangusha. Mstari wa "ana au hana" na mstari wa "mdogo, wa kati, mkali" vinahama kwa namna tofauti. Kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano, mkali unaanzia chini ya 7. Kwa wengine wote, kuanzia miaka mitano, wake kwa waume, mkali ni chini ya 8 na wa kati ni 8 hadi 10.9. Ukichukua madaraja ya mjamzito ukamvika mwanaume mzima, utaona kila kitu ni kidogo kuliko kilivyo.

Halafu angalia upana. Mdogo wa mwanaume ni 11 mpaka 12.9, karibu gramu mbili nzima. Mdogo wa mtoto wa miaka 5 hadi 11 ni 11 mpaka 11.4, ni upenyo tu. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili akisoma 10.8 hajaingia kwenye mdogo hata kidogo, ameruka moja kwa moja wa kati, na ndugu yake wa mwaka mmoja na nusu nyumba hiyo hiyo na 10.8 hiyo hiyo, kule pwani, yuko sawa. Hili nimewaeleza wenzangu wawili na wote waliniomba nirudie.

Na hilo neno mdogo lenyewe. Chuma kinaisha kwanza kwenye akiba, halafu kwenye damu inayosafiri, HB ndo inashuka mwisho. Mtu akifika "mdogo" kwa kukosa chuma, ghala lilishakuwa tupu muda mrefu. Kwa mwanaume mzima au mama aliyekoma hedhi, chuma kinapotea wapi kama hakuna hedhi wala mimba? Jibu la kwanza la kulifuatilia ni tumbo na utumbo, na hilo halisubiri afike mkali.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kitu kilichotuokoa ni nesi kuandika namba na sio neno peke yake. Kama daftari lingesema "mdogo" tu nisingeweza kurudia hesabu usiku ule, mama angebaki na kidonge chake cha asubuhi na chai. Nimeona vituo wanaandika "Pallor +", yaani amepauka, au "damu 65%" na inatia huzuni, maana hiyo asilimia ni ya vipimo vya zamani na mia yake ilitofautiana, kwenye kimoja mia ni gramu 14 na kitu, kwenye kingine 17 na kitu, huwezi kujua 65 ni ngapi.

Kingine ni jicho la nesi siku ya wiki ya tano. Karatasi ilisema wa kati, mgonjwa alisema vingine, akamsikiliza mgonjwa. Na hata namba sahihi ina mipaka: mtu akitapika damu sasa hivi, HB yake inaweza kusoma 12 kwa masaa kadhaa kwa sababu maji na chembe vimetoka pamoja, haijapata muda wa kuwa nyepesi. Pia kidole kikikamuliwa sana maji ya mwilini yanachanganyika na tone, namba inashuka kwa uongo, na nukta tano zinatosha kumhamisha mtu daraja. Ndo maana mwongozo mpya unapendelea damu ya mshipa na mashine kubwa pale inapopatikana. Sisi haipatikani, kwa hiyo tumejiwekea kwamba akikaribia mstari kwa nukta mbili tatu tunachoma kidole kingine, chenye joto, bila kukamua.

Kilichoshindikana, karatasi isiyokuwa na mwenyewe, kutoa fefo bila kuuliza choo kwanza, na kutokujua mwinuko wetu. La choo ndo linaniuma zaidi kwa kuwa halihitaji kifaa. Siku hizi mtu mzima hapewi fefo kabla hajasema choo chake cha jana kilikuwa rangi gani, na linaandikwa, ili kikibadilika tujue kilianzia wapi.

Karatasi tumeibandua. Mpya ina safu nne, mtoto wa mwezi wa 6 hadi 23, mtoto wa miaka 2 hadi 4, mjamzito, na wengine, na hao wengine wamegawanywa kwa umri na jinsia. Na badala ya kuwafanya watu watoe 1.1 kichwani wakati foleni ni ndefu, tumeongeza 1.1 kwenye mistari yenyewe, kwa hiyo kwetu mwanaume anatakiwa asome 14.1 kwenye kioo, mwanamke asiye mjamzito 13.1, mjamzito wa katikati 11.6. Juu kwa wino mwekundu imeandikwa mita za kijiji chetu, ili atakayehamishwa kwenda bondeni asiende nayo.

Mzee alikuja mwezi wa nne, peke yake, kwa miguu. Kioo kikasoma 12.9. Akafurahi, akasema, "Si mama wa jirani aliambiwa kumi na tatu ndo mwisho wa safari? Nimebakiza nukta moja, niache hivi vidonge sasa?" Nikamwonyesha karatasi, nikaweka kidole kwenye 14.1, nikamwambia mzee wangu ya kwako ni hii hapa, na ukifika hapo bado miezi mitatu ya kujaza ghala. Aliiangalia muda mrefu kidogo. Akauliza choo kikiwa cheusi atajuaje ni cha dawa, nikamweleza tena habari ya kunata na harufu, akairudia mwenyewe kwa sauti, akachukua vidonge vyake akaondoka.